Msambazaji mwenye "ngazi ya Dhahabu" au anayeuza rahisi taslimu? (duka la rangi, Kwerekwe)

DukaLaRangi, Jumamosi saa 3:10 usiku
Assalaam alaikum jamani. Nna duka la rangi na vifaa vidogo vidogo vya ujenzi Mwanakwerekwe. Tangu nifungue nachukua mzigo kwa msambazaji mmoja wa mjini. Juzi kanijia kijana wao na fomu ya kuwa mteja wa Dhahabu. Nikitia saini, asilimia 3 ya manunuzi yangu inanirudia, mzigo unaletwa mpaka dukani, na yeye ndiye anakuwa mtu wangu, nampigia saa yoyote. Mwisho wa mwaka wateja wakubwa wanapelekwa Dubai. Upande wa pili yuko muuzaji mwengine Amani, hana fomu wala kadi, lakini bei yake iko chini kwa asilimia moja na nusu kama nalipa taslimu. Wanataka jawabu kabla ya Alkhamisi. Niende kwa nani?

MsafiriMalindi, saa 3:24 usiku
Chukua Dhahabu, tena usifikiri mara mbili. Mie nna kadi ya ndege miaka minane sasa, nakwenda Dubai na Guangzhou, na mara mbili nimepanda kwa pointi bila kulipa tiketi. Vitu vya bure havikataliwi. Kila safari unarudishiwa kitu kwa umbali uliokwenda, basi.

MtuWaHesabu, saa 3:41 usiku
Sheikh DukaLaRangi, hujatwambia lolote la kutuwezesha kukujibu. Asilimia 3 ya nini? Ya kila unachonunua au ya kilichozidi kiwango? Kiwango chenyewe ni kiasi gani, na wewe kwa kawaida unachukua mzigo wa ngapi? Inarudi pesa au inarudi rangi? Na huyo wa fomu anakupa mkopo au nawe unalipa palepale?

Na Msafiri, hilo la umbali ni la zamani. Mashirika ya ndege yalianza mipango hii mwaka 1981 kwa kuhesabu maili, kweli, lakini mengi siku hizi yanahesabu pesa uliyolipa. Delta ya Marekani iligeuza mwaka 2015. Ukikata tiketi ya rahisi, pointi nazo zinakuwa chache hata ukifika Guangzhou.

MsafiriMalindi, saa 3:50 usiku
Mie nnachojua nimepanda bure.

BintiWete, saa 4:05 usiku
Bure na tiketi nyengine kumi na tano ulizolipa kwao hata pale walipokuwa ghali kuliko wenzao. Hizo huzihesabu, kaka yangu?

DukaLaRangi, Jumapili saa 1:30 asubuhi
Samahanini, nililala. Mzigo wangu ni kama milioni 8 kwa mwezi. Dhahabu inataka milioni 30 ndani ya miezi mitatu, hapo asilimia 3 ni ya mzigo wote. Chini yake ipo Fedha, inaanza milioni 20, hiyo ni asilimia moja na nusu. Ukishindwa kufika 20 hupati kitu. Kinachorudi ni rangi, si pesa. Mkopo wao siku 30.

MtuWaHesabu, saa 2:15 asubuhi
Ahsante. Sasa tunaweza kusema.

Wewe ni mtu wa milioni 24 kwa miezi mitatu. Bila kujikaza uko Fedha, unarudishiwa rangi ya 360,000. Kwa muuzaji wa Amani, asilimia moja na nusu ya hizo hizo milioni 24 ni 360,000 vilevile, ila ni pesa yako inayobaki mfukoni siku ileile. Mpaka hapo wamelingana, isipokuwa mmoja anakupa pesa na mwengine anakupa ndoo.

Utamu unakuja ukitazama milioni 6 zilizobaki kufika Dhahabu. Ukizijaza unapata 900,000 badala ya 360,000, yaani 540,000 zaidi. Gawa kwa zile milioni 6, ni asilimia 9! Kijana wa mauzo atakuonyesha hesabu hii, na kwa upande huo hasemi uongo. Anachokuachia ni miezi mitatu inayofuata. Wateja wako hawajaongezeka. Mafundi wanapaka nyumba zilezile. Milioni 6 za rangi ziko stoo, kwa hiyo msimu wa pili utachukua milioni 18 tu. Hapo huna Fedha wala Dhahabu, unapata sifuri.

Kwa miezi sita: ukienda taratibu, 360,000 mara mbili, jumla 720,000. Ukijikaza, 900,000 na sifuri. Faida ya kujikaza ni 180,000, nayo ni ya rangi. Sasa jiulize milioni 6 kukaa stoo miezi mitatu zinakugharimu ngapi.

BintiWete, saa 2:40 asubuhi
Hapo kwenye "rangi" ndipo pa kutazama. Mie nna duka Wete, nilifika kiwango mwaka juzi kwa kampuni nyengine. Siku ya kulipwa nikaletewa ndoo kumi na moja za lita 20, rangi ya pichi iliyokwisha changanywa. Nani Pemba anapaka pichi? Nikamwambia yule kaka aliyekuwa akiniita "dada yangu kipenzi" kila Jumatatu, akasema zawadi haibadilishwi, na iliyochanganywa hairudi kiwandani. Tena waliihesabu kwa bei ya rejareja, wakati mie nanunua kwa jumla. Kwa hiyo hiyo asilimia 3 yako igonge kwanza usikie kama ina kitu ndani.

Na stoo yangu ni ya mabati. Baada ya kaskazi moja, ukifungua kifuniko unakuta ngozi juu, chini imekuwa kama uji uliolala. Vifuniko vya chuma navyo vinashika kutu kwa hewa hii ya bahari, fundi akiona kutu anataka apunguziwe bei.

KijanaKiembeSamaki, saa 3:02 asubuhi
Lakini jamani mtu wa kumpigia simu saa yoyote si kitu kidogo. Mzigo ukichelewa bandarini nani atakwambia?

NimerudiNyumbani, saa 5:20 asubuhi
Huyo mtu wa kupigiwa simu ndiye aliyenifanya niandike leo. Mie ni msomaji tu hapa.

Nimeishi Uingereza miaka kumi na mbili, nikiendesha lori. Niliingia kwenye kubeti mtandaoni. Naomba msinihukumu mpaka mwisho. Mwanzo pauni kumi, ishirini. Mwezi nilioweka pauni elfu moja nikapata ujumbe wa wasapu kutoka kwa mtu mwenye jina na picha. Ananambia yeye ni meneja wangu, mimi sasa ni VIP. Akawa ananiuliza hali, akajua timu yangu, akajua mwanangu kazaliwa lini. Siku ya kuzaliwa mtoto akanitumia beti ya bure ya pauni 50. Kila Jumatatu nilikuwa narudishiwa asilimia 10 ya nilichopoteza wiki iliyopita. Tazameni vizuri neno hilo: nilichopoteza. Wiki niliyoshinda sikupata kitu. Wiki niliyokaa kimya kabisa, siku ya tano anaandika, "Mbona kimya, kuna kitu nimekuwekea kwenye akaunti." Na hicho kitu hakitoki mpaka nami nitie changu.

Nilidhani rafiki. Siku niliyomwambia nimechukua mkopo wa gari nikauingiza humo, alisema pole, halafu akanipa tiketi mbili za mpira. Nilikwenda. Nilikaa kwenye viti vizuri, nikala bure, nikahesabu njiani kurudi kwamba chakula kile kimenigharimu pauni elfu tisa.

Baadaye nikajua siko peke yangu. Tume yao ya kamari ilitazama kampuni moja ikakuta asilimia 83 ya pesa zilizowekwa zimetoka kwa asilimia 2 ya wateja, wale VIP. Mwaka 2020 wakaweka kanuni: kabla ya kumfanya mtu VIP kampuni lazima ijue kama pesa hizo anaziweza na zinatoka wapi, na lazima awepo mkubwa mmoja wa kampuni anayebeba dhamana ya mpango huo. Mie nilishatoka kabla ya hapo, baada ya mke wangu kuiona simu.

Simfananishi kijana wa rangi na yule. Lakini uliza: mshahara wake unaongezeka wewe ukiuza, au wewe ukinunua?

UstadhiMkunazini, saa 5:48 asubuhi
Kamari ni haramu, mwisho wa maneno. Sioni kwa nini tunaileta kwenye biashara ya halali.

NimerudiNyumbani, saa 5:55 asubuhi
Nshatubu, ustadhi. Nimeleta mbinu, sikuleta kamari.

UstadhiMkunazini, saa 6:10 mchana
Sawa, Allah akupokelee. Ila mie nina shaka pia na hii asilimia inayorudi. Kama bei haijulikani mpaka baada ya miezi mitatu, hapo hapana gharari?

KijanaKiembeSamaki, saa 6:14 mchana
Ustadhi, ni punguzo tu. Hata muuza nazi anakuongeza moja ukichukua kumi.

UstadhiMkunazini, saa 6:21 mchana
Muuza nazi ananiongeza palepale. Nitauliza wajuzi zaidi.

DukaLaRangi, saa 8:30 mchana
Nimesoma zote, ahsanteni. Nilisahau kitu. Kwa miezi mitatu ya mwanzo wamenitilia milioni 2 bure kwenye hesabu, kwa hiyo nimebakisha 28 badala ya 30. Kijana anasema niko karibu sana.

MtuWaHesabu, saa 8:52 mchana
Hahaha. Mwaka 2006 Nunes na Drèze walichapisha utafiti wa sehemu ya kuoshea magari kule Marekani. Waligawa kadi 300. Nusu zinataka mihuri minane ili uoshewe bure. Nusu nyengine zinataka kumi, lakini mbili zimeshapigwa. Kazi ni ileile, minane. Wa kundi la kwanza waliomaliza ni asilimia 19, wa kundi la pili asilimia 34. Hizo milioni 2 zako ndiyo mihuri miwili. Muulize kama na msimu wa pili atakutilia.

DukaLaRangi, saa 9:05 alasiri
Nimempigia sasa hivi. Kasema "tutaangalia". Halafu kaniuliza kama nimeshafikiria oda ya Jumatatu.

BintiWete, saa 9:11 alasiri
Tayari ni dada yake kipenzi huyo.

MsafiriMalindi, saa 9:30 alasiri
Lakini siku 30 za mkopo mnazipita kimya. Wa Amani anataka taslimu. Kama duka linawauzia mafundi kwa deni, taslimu atatoa wapi kila wiki?

MtuWaHesabu, saa 9:44 alasiri
Hilo umesema kweli, na ndilo zito kuliko Dhahabu yenyewe. DukaLaRangi, mafundi wako wanakulipa baada ya siku ngapi? Na huo mkopo, si ulikuwa unaupata hata kabla ya fomu?

DukaLaRangi, saa 10:20 jioni
Ndio, mkopo nilikuwa naupata tangu zamani. Mafundi inategemea. Wengine wiki mbili, mmoja wa Fuoni tangu Ramadhani simuoni.

KijanaKiembeSamaki, saa 10:26 jioni
Wa Fuoni ana pikipiki nyekundu? Huyo hata mie ananidaiwa.

BintiWete, saa 10:31 jioni
Nyinyi ndio mnamdai, yeye ndiye anadaiwa.

DukaLaRangi, saa 10:40 jioni
Ndiye huyo huyo! Nimemwona kwa mbali Jumbi wiki iliyopita, nikapiga honi akageuza.

KijanaKiembeSamaki, saa 10:52 jioni
BintiWete, zile ndoo za pichi bado zipo? Nnataka mbili za ukuta wa uani, huko hakuna anayeona.

BintiWete, saa 11:03 jioni
Zipo saba. Nauli ya boti juu yako.