Ukoo wa Mwanahawa – Mtwara

[17:52] Dada Rukia: Jamani, bosi wa Somoe kaondoka ghafla, mama yake kalazwa Ndanda. Kesho saa 3 asubuhi Somoe ndiye anasimama na slaidi za bosi mbele ya viongozi wa AMCOS. Tumsaidie.

[18:31] Dada Rukia: Mbona mnasoma tu?

[18:40] Juma: Asome zilivyo. Hakuna atakayeuliza.

[18:44] Kaka Hamisi: Watauliza. Kwa wauza korosho kila paundi ya kiini kwenye gunia ni hela. Somoe, fungua maelezo ya chini ya slaidi, uone bosi alipanga kusema nini. Ipi huwezi kuieleza bila kuisoma?

[18:53] Somoe: Shikamoo kaka. Maelezo yapo kwenye tatu za mwanzo tu. Naogopa ya 7. Ghala la kwanza tani 300, paundi 48. La pili tani 100, paundi 44. Kaandika wastani 46.

[18:54] Juma: Katikati ya 48 na 44 si ndiyo 46?

[18:59] Kaka Hamisi: Ingekuwa hivyo kama mzigo ungelingana. La kwanza lina mara tatu. 48 mara 300, jumlisha 44 mara 100, gawanya kwa 400, unapata 47.

[19:02] Shangazi Zuhura: Slaidi mimi nilipimwa malaria, hawakuona kitu. Somoe anaumwa nini?

[19:02] Juma: Woga shangazi 😂😂

[19:05] Dada Rukia: Juma, wewe ndiye uliyempokonya risala harusi ya Asha, watu wakacheka. Tangu siku ile hajashika kipaza sauti.

[19:06] Juma: Ya Asha yameisha jamani

[19:07] Dada Rukia: Kwako.

[19:15] Somoe: Kaka, niandike 47?

[19:21] Kaka Hamisi: Usibadilishe kimya kimya, slaidi si zako. Mtumie bosi hesabu sasa hivi. Asipojibu, eleza kila ghala peke yake, mstari wa wastani usiuguse. Wakiuliza 48 inapatikanaje: sampuli ya kilo moja ikikatwa ikatoa kama gramu 272 za kiini kizuri, kwa gunia la kilo 80 ni paundi 48. Wakiuliza kwa nini la pili ni 44, usibuni. Andika swali, sema bosi atawajibu.

[19:48] Mjomba Issa: Somoe mpwa wangu. Mama yako alisimama kwenye kikao cha shamba la Mkwiti, wanaume tukanyamaza. Kesho utasimama. Juma utampeleka, na utamsubiri nje mpaka amalize.

[20:03] Somoe: Nimesikia mjomba.

[20:04] Juma: Sawa mjomba. Ila pikipiki haina mafuta.

[20:06] Dada Rukia: Saa 12 alfajiri ajaribu kwa Hamisi, Shangani, kwenye runinga. Nani ana waya wa HDMI?

[20:40] Dada Rukia: Waya??

[21:12] Somoe: Bosi kasoma ujumbe. Hajajibu.

[22:47] Asha: Ndiyo nashika simu. Waya ninao. Nani anaufuata?