Tupeane uzoefu: nyumba ya kupanga imeungua au imeingia maji, unathibitishaje hasara mpaka bima wakubali?

Kigae: Wadau, nyuzi nyingi za bima zinaishia kwenye "piga picha, tunza risiti". Risiti huungua pamoja na kabati. Mkadiriaji hasara anafika, chumba ni majivu. Anaonyeshwa nini hadi aamini?

Mzee wa Fomu: Kwanza msizoe majivu. Moto unakula mbao, nguo na plastiki, lakini kompresa ya friji, springi za godoro, pasi na bawaba za kabati hubaki. Piga picha ya chumba kizima kutoka kila kona, kisha sogelea kila kipande palepale kilipoangukia, rula ikiwa pembeni. Ukishavirundika uani ni vyuma chakavu tu, hakuna atakayejua kipi kilitoka chumba gani.

Tobo la Sindano: Bila risiti hakuna malipo. Nimemaliza.

Mzee wa Fomu: Hujamaliza. Risiti inaonyesha ulinunua, haionyeshi kwamba kitu kilikuwa ndani siku ya moto. Na ununuzi unathibitika hata bila risiti: ujumbe wa malipo ya simu, taarifa ya benki, kadi ya waranti, au picha ya sherehe yenye televisheni ukutani nyuma ya keki.

Chukua fundi nguo aliyepanga chumba, anadai cherehani 3. Mkadiriaji anahesabu vichwa 2 vya chuma na kuanza kuguna. Kumbe ya tatu ilikuwa ya umeme, gamba lake plastiki; hiyo inaacha mota, shafti na kibati cha chini ya sindano. Vikiokotwa pale ilipokuwa meza ya pili, na picha ya zamani ikaonyesha meza hiyo na cherehani juu yake, dai linasimama. Majivu yakishazolewa, anabaki na maneno matupu.

Dada Kanga: Hapo kwenye kuzoa umenena. Majirani wenye huruma huja na mafagio kabla moshi haujaisha.

Ghorofa ya Chini: Huo ni moto. Maji ni habari nyingine, msiwaambie watu walale na godoro bovu. Tupa haraka! Ukungu unaanza ndani ya siku 1 au 2.

Mzee wa Fomu: Ukungu ni kweli, na bima hutarajia uzuie hasara isiongezeke. Lakini piga simu kwanza, omba ruhusa ya kutupa, na uipate kwa maandishi. Kabla zulia halijatoka, likate kipande cha sentimita 30 kwa 30, kiweke kwenye mfuko ulioandikwa chumba na tarehe.

Halafu ule mstari wa tope ukutani, ambao kila mtu hukimbilia kuufuta: weka futi kamba kuanzia sakafuni, upige picha namba zikisomeka, kila chumba. Mstari ukiwa sentimita 60, droo za chini za kabati hazina ubishi. Ukidai televisheni iliyotundikwa mita moja na nusu, ueleze maji yaliifikiaje.

Ghorofa ya Chini: Na msiwashe friji "kuijaribu". Ikilipuka wataandika hitilafu ya umeme, siyo mafuriko.

Mpangaji Mpya: Mimi mwenye nyumba kagoma kurudisha kodi ya miezi iliyobaki. Bima yake inanilipa?

Dada Kanga: Ndugu, hapa tunahesabu springi. Fungua uzi wako.

Kigae: Amegusa jambo lakini. Dari na milango ni dai la mwenye nyumba. Je, hita ya maji aliyoifunga mpangaji?

Mzee wa Fomu: Hapo fomu ya makabidhiano ya siku ya kuhamia ndiyo inaamua. Kama hita haimo, na kuna malipo ya fundi aliyeifunga, mpangaji ana pa kuanzia. Mkataba ukisema kila kinachofungwa ukutani ni cha mwenye nyumba, ni mvutano.

Tobo la Sindano: Sawa, basi andikeni bei ya dukani ya leo, yaishe.

Mzee wa Fomu: Inategemea hati ya bima. Nyingine hulipa kipya kwa cha zamani, nyingine hukata uchakavu. Andika vyote: umri wa kitu na bei ya leo ya kinachofanana nacho. Kuna mtego mwingine. Ulikata bima ya milioni 6, lakini orodha yako inaonyesha ulikuwa na mali ya milioni 10. Hasara ni milioni 5. Hati yenye kipengele cha wastani itakulipa milioni 3, kwa sababu ulilipia sehemu 6 tu kati ya 10.

Tobo la Sindano: Ndiyo maana watu wanazidisha bei!

Mzee wa Fomu: Ukizidisha, jumla ya mali yako nayo inapanda, na sehemu uliyolipia inazidi kuwa ndogo. Na ukibainika umedanganya kwenye kitu kimoja, hati nyingi zinaruhusu dai zima kutupwa.

Tobo la Sindano: Kila mtu anazidisha.

Dada Kanga: Kila mtu nani? Jisemee.

Ghorofa ya Chini: Mkigombana, picha msitume WhatsApp kama picha, inafuta taarifa za tarehe na mahali. Itume kama faili, na ya asili ibaki kwenye simu. Ila simu nayo ikizama?