Mrejesho: marejesho ya kodi yaliyokatwa kufidia deni la 2019

Niliuliza: “Marejesho yangu ya kodi, shilingi 840,000, yamezuiwa kufidia deni la 2019 ambalo nilishalipa. Nifanyeje?”

Wakuu, nimelipwa jana, asanteni sana. Niliomba kwanza taarifa ya akaunti yangu ya kodi, nikaona malipo yale ya deni la 2019 yaliingizwa kimakosa kwenye hesabu ya mwaka 2020, hivyo 2019 ukabaki unadaiwa. Kwa hiyo barua niliyowaandikia mamlaka ya kodi ilipinga deni lenyewe: “Napinga makato haya kwa kuwa deni lilishalipwa.” Nikaambatisha risiti ya benki yenye kontrol namba, nikaomba malipo yahamishiwe mwaka sahihi na makato yafutwe. Nakala yangu niligongewa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ulinisaidia mno, maana wiki tatu baadaye waliniambia barua haionekani.