Shehena moja ya mahindi, majibu mawili: 4 na 61. Tatizo ni kolamu au sampuli?

MpimaNafaka: Wakuu, naombeni ushauri. Nina tani 25 za mahindi, magunia 500 ya kilo 50. Tulichoma bambo magunia ya mbele, tukapata kama kilo 1, tukasaga robo yake na kupitisha kwenye kolamu ya kingamwili. Aflatoksini jumla ikasoma mikrogramu 4 kwa kilo. Mnunuzi kachota yake, kapata 61. Nimerudia unga wetu uleule, 4 tena. Nikichukua wastani itafaa?

Kisago: Kolamu imekufa hiyo. Ikikaa kwenye joto kingamwili huharibika, sumu inapita bila kunaswa.

MamaMaabara: Kisago, hutokea, na kulijua ni rahisi. Chukua unga safi, tia aflatoksini ya kiasi unachokijua, upitishe hatua zote. Ukitia 10 ukavuna 8 au 9, kolamu ni nzima.

Ila mimi ningeanza na bambo. Kuvu haimei sawasawa ndani ya shehena, na punje chache mbovu zinaweza kubeba karibu sumu yote. Zikikosekana kwenye kilo yako, hakuna kolamu itakayoziona. Unga uleule kurudia 4 kunathibitisha unga huo tu. Kwa hiyo wastani hapana.

Chota upya: kila gunia la tano, gramu 100, bambo lifike katikati ya gunia. Utapata kilo 10. Saga zote hadi zipite chekecheke ya milimita 1, changanya sana, ndipo upime gramu 25. Ukigawa punje kabla ya kusaga, umerudi kwenye bahati nasibu.

Karanga_Tu: Mimi nina karanga. Nikizimulika kwa taa ya urujuanimno siwezi kuacha kolamu?

MamaMaabara: Hapana. Hata kwenye mahindi mng'ao ule hautoki kwenye sumu yenyewe. Karanga zako zina mafuta, zikisagwa zinagandamana. Zisage na maji ziwe uji laini kabla ya kuchota.

MpimaNafaka: Huwa tunatia gramu 25 za unga, chumvi 5, mililita 125 za methanoli ya asilimia 70, blenda dakika 2. Kisha tunachuja, mililita 15 tunaziongezea maji 30, tunachuja tena, na 15 ndizo zinaingia kwenye kolamu.

MamaMaabara: Sawa kabisa. Usiruke yale maji, methanoli kali huzuia kingamwili kushika sumu. Mililita 15 hizo ni sawa na gramu 1 ya mahindi, na kolamu nyingi hujaa karibu nanogramu 100. Ikisoma 90 na kitu, punguza kiasi unachopitisha kisha urudie, huenda ukweli ni 300.

MpimaNafaka: Magunia ya ndani hayafikiki, yamepangwa hadi ukutani.

MamaMaabara: Basi chota wakati wa kupakia, yanapopita moja moja mbele yako.

Kisago: Na ikisoma 9, mkataba ukisema mwisho 10?

MamaMaabara: Hapo tunabishana hata kazini. Wenzangu wanapitisha. Mimi nachota kilo 10 nyingine.