MREJESHO: Tukio la siku nzima kwenye kalenda kuhamia siku ya nyuma

Swali langu lilikuwa: "Nimeweka Sikukuu ya Muungano, 26 Aprili 2026, siku nzima, nikiwa Dodoma. Mwenzangu aliyeko London anaiona tarehe 25. Kwa nini?"

Wakuu, limepatikana. Nililihamisha tukio kuwa faili la kalenda la .ics, nikalifungua kwa programu ya maandishi ya kawaida. Mstari wenye kosa ni huu:

```
DTSTART:20260425T210000Z
```

Hiyo Z maana yake ni saa za UTC. Dodoma tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo saa 6 usiku ya kuingia tarehe 26 imeandikwa kama saa 3 usiku ya tarehe 25. London mwezi Aprili wako UTC+1, hivyo kwao tukio linaanza saa 4 usiku, tarehe 25. Dubai lingeanza saa 7 usiku tarehe 26 na kumegea tarehe 27, kosa ambalo ni rahisi kulipuuza.

Kubadili saa za simu hakusaidii, maana kilichohifadhiwa ni nukta ya wakati, wakati sikukuu ni tarehe tu. Andika hivi:

```
DTSTART;VALUE=DATE:20260426
DTEND;VALUE=DATE:20260427
```

Hapo hakuna saa wala Z, kwa hiyo hakuna cha kugeuzwa. Usishtuke kuona 27: DTEND haihesabiwi ndani ya tukio, na ukiweka 28 sikukuu inakuwa ya siku mbili (wengine wangefurahi).

UID, yaani kitambulisho cha tukio, sijaigusa.