Makato ya mwaka mzima kwenye simu: nikihamia benki nitaokoa kweli?

Mwanahesabu_Mvivu (mwenye uzi)

Wakuu, habari zenu. Juzi niliomba taarifa ya miamala yangu ya miezi 12 kutoka mtandao wa simu ninaotumia. Ilikuja kwa PDF, nikaigeuza kuwa jedwali la Excel nikaanza kuchambua. Kwa bahati nzuri kila kato limeandikwa kwenye mstari wake, chini ya muamala wenyewe, likiwa na neno "Charge", kwa hiyo sikuhesabu kwa mkono. Nilitumia hii:

```
=SUMIF(C:C,"*Charge*",F:F)
```

Mara ya kwanza iliniletea 0, nikafurahi kijinga. Kumbe tarakimu zote ziliingia kama maandishi kwa sababu ya mikato ya elfu. Nilipoiondoa mikato, jibu likawa 8,512.

Mchanganuo wake ni huu. Kutoa kwa wakala mara 104, kama 2,000 kila mara, kato 29: jumla 3,016. Kumtumia mama kila wiki 3,000, kato 53: jumla 2,756. Kodi ya nyumba 15,000 kila mwezi, kato 100: jumla 1,200. Vinavyobaki ni vitumo vidogo vidogo 140, mia mbili, mia nne, ambavyo vimekula 1,540.

Mshahara wangu unaingia benki, na benki ina programu yake ya simu. Kutuma kwenda namba yoyote ya simu wanakata 30, iwe kiasi kidogo au kikubwa. Kwenda akaunti ya benki nyingine, 60. Kutoa kwenye ATM, 35. Je, nikiachana na simu nikafanya kila kitu benki nitaokoa? Kwa macho naona 30 ni ndogo kuliko 53 na 100, lakini siamini macho yangu.

Kiberenge

Mkuu, tatizo lako si njia, ni kugawa pesa vipande vipande. Unganisha miamala. Toa mara moja kwa wiki badala ya mara mbili, mtumie mama mara moja kwa mwezi. Makato yatashuka nusu bila kuhama popote. Hesabu nyepesi tu.

DukaLaKona

Mimi hawa watu wananimaliza. Mteja akinilipa kwa namba ya biashara, mwisho wa siku nikihamishia benki wanakata asilimia. Nimewahi kufikiria kuwaambia wateja walete taslimu tu. Kwa hiyo mleta uzi nakuunga mkono, hama.

Mwanahesabu_Mvivu

Ndugu DukaLaKona, pole, ila mimi ni mlipaji. Nikilipa dukani kwa namba ya biashara sikatwi kitu, kwa hiyo huko sina shida.

Bi_Leja

Mwanangu, nimefanya kazi ya kulinganisha vitabu vya hesabu miaka mingi, acha nikuulize kabla ya kukujibu. Pesa inafikaje kwenye simu yako ikiwa mshahara unaingia benki?

Mwanahesabu_Mvivu

Naihamisha kwa programu ya benki, shikamoo bibi. Kila nikiishiwa.

Bi_Leja

Marahaba. Basi 8,512 si jumla yako. Kila ukihamisha, benki inakata 30, na kato hilo halitaonekana kamwe kwenye taarifa ya simu kwa sababu limekatwa kabla pesa haijaondoka benki. Simu inaona tu kilichoingia. Chukua taarifa ya benki ya miezi ileile 12, siku ileile ya kuanza na kuishia, uhesabu umehamisha mara ngapi.

Kiberenge yuko sawa nusu. Kwa mama, kweli: 3,000 mara 52 ni kama 13,000 kwa mwezi, na ikiwa kato la kutuma 13,000 ni lile la ngazi ya 100, basi 2,756 inakuwa 1,200. Lakini kwa wakala angalia bango kabla ya kuamini. Kato halipandi kwa mstari ulionyooka, linapanda kwa ngazi. Kutoa 4,000 kwako ni kiasi gani?

Mwanahesabu_Mvivu

Nimeangalia sasa hivi. 69. Kutoa 2,000 mara mbili ni 58! Kwa hiyo nikiunganisha napata hasara ya 11 kila wiki. Kiberenge, kidogo uniponze, sikuamini tena.

Na benki nimehesabu: mara 64. Nilidhani ni kama 20. 64 kwa 30 ni 1,920, kwa hiyo jumla halisi ni 10,432.

Kiberenge

Haya, kwa wakala nimekubali. Kwa mama bado nasimama.

Bi_Leja

Sasa fanya jaribio lenyewe. Usilinganishe bei mbili kwa macho. Chukua mwaka wako uleule, muamala kwa muamala, uupitishe kwenye bei za benki. Tengeneza ukurasa uuite Ada. Safu A iwe na kiasi cha chini cha kila ngazi kuanzia kidogo kwenda kikubwa, B kato la simu, C kato la benki. Kisha pembeni ya kila muamala:

```
=VLOOKUP(F2,Ada!A:C,3,TRUE)
```

Kila aina ya muamala ina bango lake, kwa hiyo kutuma na kutoa visiwe kwenye ukurasa mmoja. Na kabla ya yote futa mistari ya "Charge". Nimeona watu wakiiacha, kisha kato la 53 linasomwa kama mtu ametuma 53 na linakatwa 30 juu yake. Ujue umekosea ikiwa idadi ya miamala imekaribia kuwa maradufu ya ile unayoikumbuka.

Ili uamini bango ulilonakili, anza na safu B, yaani weka 2 badala ya 3 kwenye fomula. Jumla yake lazima iwe 8,512 ileile. Ikitofautiana, ama umekosea ngazi, ama mtandao ulibadilisha bei katikati ya mwaka, na hapo utahitaji mabango mawili.

Nyuki_wa_Jioni

Usisahau ada ya kila mwezi ya akaunti ya benki. Hiyo wengi wanaiacha halafu wanashangilia akiba hewa.

Bi_Leja

Kwa mtu anayefungua akaunti ili ahame, iweke. Huyu mshahara wake unapitia hapo, atatozwa ahame asihame. Ikiingia pande zote mbili inajifuta.

Mwanahesabu_Mvivu

Nimerudi, usiku wa manane. Safu B imetoa 8,512 baada ya kurekebisha ngazi moja niliyoikosea. Nikafanya ya benki.

Kutoa ATM mara 104 kwa 35 ni 3,640. Mama 52 kwa 30 ni 1,560. Kodi 12 kwa 60 ni 720, maana mwenye nyumba yuko benki nyingine. Vitumo vidogo 140 kwa 30 ni 4,200! Jumla 10,120. Yaani nihamie benki kabisa niokoe 312 kwa mwaka mzima. Nilicheka peke yangu.

Bi_Leja

Hapo ndipo ulipokuwa unaelekea. Kato moja lisilobadilika linawaadhibu wanaotuma kidogo. Sasa changanya: kila muamala uende kwenye njia iliyo rahisi kwake.

Mwanahesabu_Mvivu

Nimechanganya. Vitumo vidogo vibaki kwenye simu, 1,540. Mama na kodi viondoke benki moja kwa moja, 1,560 na 720. Kwa kuwa simu haibebi tena mizigo mikubwa, nahamisha mara 24 tu kwa mwaka, 720. Kutoa iwe ATM mara moja kwa wiki 4,000, maana pale 35 haijali ni 2,000 au 4,000: 1,820. Jumla 6,360. Akiba 4,072.

Swali lingine: mama huwa namwongezea 52 "ya kutolea" kila wiki. Hiyo sikuiweka popote, haina neno "Charge", imejificha ndani ya kiasi nilichotuma.

Bi_Leja

Kwenye jumla yako ya mwaka iongeze, 2,704, kwa sababu imetoka mfukoni mwako. Kwenye ulinganisho wa simu na benki haibadilishi kitu, kwani mama atatolea kwa wakala hata pesa ikitoka benki.

Kiberenge

Ndiyo maana nikasema amtumie mara moja kwa mwezi! Akatolee mara moja.

Nyuki_wa_Jioni

Mkuu, umewahi kumpa mzazi pesa ya mwezi mzima kwa pamoja? Mama yangu inaisha siku ya tano, majirani wote wana shida. Na mara nyingine hatoi yote, anatoa kidogo kidogo, anakatwa mara nne. Akiba yako inahamia kwake kama hasara.

Kiberenge

Mama yako na mama yake si mmoja. Amuulize.

Bi_Leja

Amuulize, ndiyo. Na kabla ya kubadilisha chochote ufanye muamala mmoja wa kweli kwa kila njia. Andika salio kabla, andika salio baada, kisha ngoja siku chache uangalie taarifa. Benki nyingine hazikati papo hapo, mstari wa kato unakuja baadaye.

Mwanahesabu_Mvivu

Mrejesho baada ya wiki mbili.

Kumtumia mama kutoka benki: 30 kamili, imefika ndani ya dakika. Kodi: 60, ila ilifika kesho yake, kwa hiyo nitalazimika kulipa siku moja mapema.

ATM ndiyo imeniharibia. Nilitoa 4,000 kwenye mashine iliyo karibu nami, salio likapungua 4,000 tu, nikajua nimeshinda. Siku mbili baadaye ukatokea mstari wa 150. Kumbe mashine ile ni ya benki nyingine, na ile 35 ni kwa mashine za benki yangu, ambayo iliyo karibu inahitaji nauli kwenda na kurudi. Kwa hiyo kutoa narudi kwa wakala, 2,000 mara mbili kama zamani, 3,016. Jumla mpya 7,556. Akiba imeshuka kutoka 4,072 hadi 2,876.

Na ile mara 24 ya kuhamisha sina uhakika nayo. Nikiwa natoa kwa wakala lazima pesa ya kutoa iingie simu kwanza, na wiki hizi mbili tayari nimehamisha mara tatu.

Bi_Leja

Mara tatu kwa wiki mbili ni mara 78 kwa mwaka, 2,340. Hiyo inakula 1,620 ya akiba yako. Weka siku mbili za mwezi za kuhamisha, siku ya mshahara na katikati.

Kiberenge

Na mama amesemaje?

Mwanahesabu_Mvivu

Amesema nitume kila wiki, na ya kutolea nisisahau.