Kiingilio 1,500, lakini jioni yenyewe imenila 2,880. Hizi hafla za kujuana ni za nani?

FundiBaridi:
Nimefika nyumbani Mtongwe saa nne unusu usiku na hasira zote. Mimi ni fundi wa AC na friji. Niliona bango la hafla ya "kujuana kibiashara" kwenye hoteli moja Nyali, nikasema huko ndiko waliko mameneja. Nikalipa 1,500.

Kwenda: matatu hadi Likoni 50, feri kwa miguu bure, matatu 80, halafu tuktuk 150 kwa sababu hoteli iko ndani ndani na siwezi kuingia nimelowa jasho. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni, wakaanza saa moja na robo! Mlangoni naambiwa nipakue programu ya simu ndipo nipate beji. Waifai? "Ni ya wageni waliolala." Nilikuwa nimenunua bando la saa moja la 50, likaisha kabla mtu hajashika kipaza sauti. Nikaongeza la 100. Soda moja 300, nikainywa kama dawa. Kurudi matatu hakuna, tuktuk hadi Feri 500, boda ya Likoni 150.

Nambari nilizorudi nazo ni tatu: wakala wa bima, kijana anayeuza manukato na fundi AC mwenzangu.

Mjomba wa Kisauni:
Pole. Huko Mtongwe netiwaki ni mbovu kweli. Panda ghorofani au ubadilishe laini, mimi nilihangaika mwaka mzima.

FundiBaridi:
Mjomba, shikamoo, lakini naongelea kujuana na watu, si minara.

Bahari Moja:
Kosa lako ni bando. La saa moja ndilo rahisi, ila ulinunue ukishaketi. Na hafla nenda za bure tu, zimejaa mjini.

Dada wa Mapembeni:
Hapo umesema nusu, kaka. Ya bure kwenye hoteli ya mbali ina nauli ile ile. FundiBaridi, toa kiingilio kwenye hesabu yako: bado umetumia 1,380, na 650 kati ya hizo ni za kurudi peke yake. Mimi huandaa mikutano midogo, na swali la kwanza ninalouliza ni watu watarudije. Mtu wa Likoni namwambia aje Mama Ngina Waterfront. Akishuka feri anatembea, hapandi kitu. Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri, kumi na mbili kila mtu yuko njiani na matatu bado ni nyingi. Kila mmoja ananunua mhogo au madafu yake, basi. Jumapili usijaribu, familia zimefurika na hamsikilizani. Upepo wa kusi ukivuma nao utapiga kelele mpaka koo likauke, kwa hiyo watu sita wanatosha. Maktaba ni bure pia lakini mtanyamazishwa.

Hafla ya kulipia ukiitaka sana, mpigie mwandaaji wiki mbili kabla, uombe kukaa mezani pa usajili. Huwa wana upungufu wa watu hapo. Huingii kwa pesa, na kila anayeingia anakutajia jina na kazi yake. Wakikukatalia, waulize angalau ni watu wa kazi gani waliojiandikisha. Anayeshindwa kukujibu hilo, weka 1,500 yako mfukoni.

Mama Wawili:
Sisi wenye watoto je? Mimi napika keki, saa tisa ndiyo naenda kuwachukua madrasa. Na lile kundi la WhatsApp baada ya hafla! Watu 200, kila asubuhi mabango na video, bando langu la siku limekwisha kabla ya saa nne.

Dada wa Mapembeni:
Kwa kundi, ingia Settings, Storage and data, kwenye When using mobile data uondoe alama zote. Picha itashuka ukiigusa tu. Kwa watoto, mama, walete. Mwenzetu mmoja huja na wanawe, wanacheza pale nyasini.

FundiBaridi:
Dada, nimekuelewa nauli, na meza ya usajili nitaiomba. Lakini niambie ukweli: meneja wa hoteli atakuja kula mhogo Mama Ngina?

Dada wa Mapembeni:
Meneja, sidhani. Kazi ya mwisho ya AC uliyopata, nani alikuita?

FundiBaridi:
Mlinzi wa fleti Bamburi. Tulikaa kiti kimoja kwenye matatu.

Bahari Moja:
😂 Kiingilio shilingi ngapi?

FundiBaridi:
Cheka tu. Ila kandarasi ya hoteli nzima mlinzi hana. Hapo bado sijajibiwa.